Chumba Nilichouziwa

Jumatatu, 13 Machi

Leo bosi wangu Shlomi, mkuu wa ulinzi wa hospitali, ametukusanya walinzi wote wa lango kabla ya zamu. Amesema mwaka huu, Pasaka ya Wayahudi ikifika, neno "mkate" lisiandikwe kwenye kitabu cha zamu. Visu tuandike, chupa za pombe tuandike, mgeni aliyetukana tumwandike. Mkate, hapana.

"Kwa nini, bosi?" nikauliza.

"Kwa sababu kuna kesi, Mufid. Na wewe una mwandiko mzuri mno."

Basi nimenunua daftari hili dukani kwa Halabi, nitaandika mkate nyumbani. Mke wangu Samiha ameniona nimeinama mezani akaniuliza kama nimeanza kuandika wasia. Nimemwambia bado, nangoja kwanza nipate mali.

Jumanne, 14 Machi

Mvua. Wageni wachache.

Alhamisi, 16 Machi

Niandike vizuri habari ya kesi, maana inanihusu zaidi ya Shlomi anavyodhani.

Mwaka jana, siku ya tatu ya Pasaka ya Wayahudi, mzee mmoja aitwaye Gedalya Zak alifika langoni na mfuko wa kitambaa. Mkewe, Bibi Henya, alikuwa amelazwa ghorofa ya nne kwa kiharusi. Nikafungua mfuko. Ndani mlikuwa na mkate wa rai, ile nafaka nyeusi ya nchi za baridi, wa moto bado. Amri yetu ilikuwa wazi: siku saba hizo kitu chochote chenye chachu hakipiti, kwa sababu Wayahudi washika dini hawaruhusiwi kukila, kukigusa wala kuwa nacho chini ya paa lao, na hospitali yote ina cheti cha chakula halali kutoka kwa marabi.

Mzee hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, hakuna kingine anachokubali kumeza. Huo mkate wao mkavu usio na chachu unamkwama." Nikamwambia ni amri. Akaniuliza, "Amri ya nani?" Nikauchukua mkate, nikauweka kwenye sanduku la plastiki pamoja na biskuti za watu wengine. Mfuko nikamrudishia. Aliukunja mara nne kama leso.

Januari mwaka huu amefungua shauri Mahakama ya Juu huko Yerusalemu. Bibi Henya amelazwa tena tangu Februari, chumba kilekile.

Jumapili, 19 Machi

Nimepanda ghorofa ya nne kumsindikiza fundi wa oksijeni, nikachungulia. Bibi Henya yuko kitanda cha dirishani. Kitanda cha pili yuko Bibi Mazal Zafrani, kavunjika nyonga, mtu wa dini, kitambaa kichwani na zaburi mkononi. Katikati pazia, lakini pazia limefunguliwa.

Mzee Gedalya alikuwa anamlisha mkewe mkate uliolowekwa kwenye maziwa, mkate wa chachu ya nyumbani, ule unga uliochacha unaolishwa unga mpya usife. Bibi Mazal alikuwa anaunusa kwa macho yaliyofumbwa.

"Jiko lako si halali, Gedalya, siwezi kugusa," alisema. "Lakini chachu hiyo ningeipata kwangu, binti yangu angenioka mkate hadi daktari anifukuze."

"Chachu hiyo ina miaka arobaini na mitatu," Bibi Henya akasema. Maneno yake yanatoka polepole, moja moja. "Kuliko ndoa. Nyingi. Za siku hizi."

Wakacheka wote watatu. Mimi nikaenda kumtafuta fundi.

Jumatano, 22 Machi

Shlomi ameniita ofisini. Mwanasheria wa hospitali alikuwepo, kijana mpole mwenye tai. Amenisomea hati ya kiapo waliyoiandaa kwa jina langu: kwamba walinzi huwa wanawaomba tu wageni, na kwamba wageni huacha vyakula vya chachu langoni kwa hiari yao, bila kupekuliwa.

"Ndivyo ilivyo?" kijana akaniuliza, na nadhani aliuliza kwa dhati.

"Niachie niisome nyumbani," nikasema.

Shlomi akaniangalia kama mchungaji amwangaliavyo ng'ombe aliyekataa kupita mlango wa zizi.

Ijumaa, 24 Machi

Sijatia sahihi. Samiha anasema, "Baba Salman, una miaka kumi na tisa hapo langoni. Bado sita upate pensheni. Mkate wa Myahudi na Myahudi mwenzake unakuhusu nini?" Nikamwambia kwamba aliyeuchukua ni mimi. Alinimiminia mate, ile chai chungu ya majani ya Amerika ya Kusini tunayoipenda Wadruze, akanisukumia bombiya, mrija wake wa chuma, na tukanywa.

Mimi si katika wale walioingizwa kwenye siri za dini yetu ya Kidruze. Vitabu vyetu vitakatifu sijavifungua, na sina ruhusa ya kuvifungua, na siulizi. Pengine ndiyo sababu sikuwahi kuona ajabu kuambiwa "hiki hakipiti". Nimezoea milango. Lakini kuapa uongo, hilo hata sisi tulio nje ya siri tunalijua.

Jumatatu, 27 Machi

Nimekwenda mwenyewe kwa wakili wa Mzee Gedalya, mama mmoja aitwaye Noga Rifkind, ofisi juu ya duka la miwani. Nilimwuliza kesi yenyewe ni nini hasa, kwa maana nisingeweza kuapa juu ya kitu nisichokielewa. Alinieleza vizuri, na naandika nisisahau.

Alisema imani iliyo moyoni haina mpaka. Hakuna jaji anayeweza kuigusa. Mipaka inaanza imani inapotoka nje na kuwa tendo, hasa tendo linapomfikia mtu mwingine. Bibi Mazal ana haki ya kula Pasaka yake safi. Bibi Henya ana haki ya kutolazimishwa dini ya mtu mwingine mwilini mwake, tena akiwa kitandani hana pa kukimbilia. Haki mbili, na hakuna iliyo ndogo.

"Sasa jaji anafanyaje? Anarusha shilingi?"

"Anauliza maswali kwa mpangilio," akasema, akahesabu kwa vidole. Je, haki imebanwa? Kama imebanwa, je, kuna sheria inayoruhusu? Bila sheria, kazi imeishia hapo, hata nia ikiwa njema kama malaika. Ikiwa sheria ipo, je, lengo ni halali? Halafu maswali matatu ya uwiano: njia hiyo inalifikia lengo kweli? Hakuna njia nyingine yenye maumivu madogo? Na faida inashinda madhara?

"Na sisi tunakwama wapi?"

"Swali la pili, kwanza. Sheria ya Pasaka inakataza kuweka chachu dukani waziwazi kwa kuuza. Haisemi neno juu ya mfuko wa mtu. Na wewe, mlinzi, sheria inakupa ruhusa ya kupekua ukitafuta nini?"

"Silaha."

"Mkate wa rai ni silaha?"

"Wa mke wangu, ukilala siku mbili, karibu."

Alicheka, kisha akaniuliza kama mwaka jana nilipekua. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mzee aliacha mkate kwa hiari. Nikasema hapana. Akaandika, nikaapa mbele yake, nikatia sahihi.

Jumanne, 28 Machi

Nimehamishiwa lango la maegesho. Hakuna kiti.

Jumapili, 2 Aprili

Baridi ya asubuhi imeondoka. Lozi zimemaliza maua. Shlomi ananisalimia kwa kidevu.

Jumatano, 5 Aprili

Nimechukua likizo ya siku moja na kwenda Yerusalemu kwa basi la alfajiri. Nilidhani nitasimamishwa niulizwe maswali, nimevaa na koti la harusi ya shemeji. Kumbe mahakama ile haisikilizi mashahidi; kila kitu kiko kwenye karatasi zilizoapiwa, na mawakili ndio wanaoulizwa. Nikakaa benchi la nyuma karibu na Mzee Gedalya.

Majaji watatu. Aliyeongoza ni mama mwenye nywele nyeupe fupi. Kulia kwake jaji mwanamume, mkimya. Kushoto jaji mwenye kofia ndogo ya dini.

Kijana mwenye tai alisema wagonjwa washika dini ni wengi, na kwamba punje moja ya chachu kwenye sinia inaharibu sahani, jiko na imani ya watu. Yule mama akamkatiza: "Hayo nayaelewa. Nani aliwapa walinzi mamlaka?" Kijana akasema mkurugenzi ana madaraka ya kuendesha hospitali. "Ya kuendesha hospitali, au ya kufungua mkoba wangu?" Kijana akageuza ukurasa.

Kisha jaji wa kofia akamgeukia Noga, na hapo ndipo nilipokaa sawa. "Mama wakili, mgonjwa hachagui chumba. Mwanamke mshika dini aliyelazwa kitanda cha pili, ukimwekea mkate wenye chachu mita moja kutoka kinywani pake siku ya Pasaka, hatakula. Yeye atakwenda wapi? Akalale barabarani?"

Noga hakukimbia swali. Alisema, "Hapana, Mheshimiwa. Hospitali inaweza kutenga vyombo, kutumia sahani za kutupa, kutenga mahali pa kulia. Inaweza kuomba. Haiwezi kupekua."

"Mahali pa kulia panapatikana?" jaji mama akamwuliza kijana.

"Hapana, Mheshimiwa. Hospitali imejaa. Hakuna chumba hata kimoja."

Majaji wakatoka dakika ishirini. Waliporudi walisema hawatoi amri ya muda, kwa sababu zimebaki siku tano na suala linagusa nchi nzima. Serikali ijibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Wakaiomba hospitali itafute ufumbuzi wa kibinadamu kwa mgonjwa huyu mmoja. Kuomba si kuamuru. Mzee Gedalya aliuliza kwa sauti ndogo, "Yaani Jumatatu anakula nini?" Noga akamshika bega.

Jumatatu, 10 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Asubuhi Rabi Elkana Toledano, rabi wa hospitali, amenijia kama kila mwaka. Huyu ni Mmorocco mnene mwenye vicheko, ananiita ndugu yangu tangu siku ya kwanza. Kila mwaka ananiuzia chachu yote ya hospitali: pasta, unga, bia za sherehe za madaktari, hata nafaka za watoto. Myahudi hawezi kuwa na chachu siku hizo, basi anaiuza kwa asiye Myahudi kwa mkataba wa kweli na malipo ya kwanza, na anampangisha chumba inamokaa, ghala la chini karibu na mlango wa vifaa. Nisipomaliza malipo baada ya sikukuu, inarudi. Miaka kumi na moja sijamaliza kulipa. Samiha huniita tajiri wa wiki moja.

Tulikuwa tumeshika leso, yeye upande huu na mimi upande ule, ndivyo wanavyofunga biashara, nikamwona Mzee Gedalya anakuja na chupa ya kioo.

"Rabi," akasema, "mke wangu amenituma. Hii ni nusu ya chachu yake. Anataka uiweke kwenye orodha ya Mufid."

Rabi akaachia leso. "Gedalya, wewe huamini haya."

"Mimi siamini. Mazal anaamini. Chachu ikibaki mikononi mwangu Pasaka yote, yeye hataweza kuila milele, sivyo? Lakini ikiwa ya Mufid, inabaki safi kwake. Henya anataka Mazal apate mkate baada ya sikukuu. Ndiyo tu."

"Na nusu nyingine?"

"Iko nyumbani. Mke wangu lazima ale. Usiniulize zaidi."

Rabi akachukua kalamu. Akaandika mwisho wa orodha: "na chupa moja ya chachu ya Bi Henya Zak". Nikatia sahihi. Sijawahi kumiliki kitu chenye umri wa miaka arobaini na mitatu.

Jumanne, 11 Aprili

Siku ya kwanza ya sikukuu. Kwa upungufu wa watu nimerudishwa lango kuu. Mzee Gedalya kaja na mfuko. Sikuufungua. Nikamwambia, "Mzee wangu, unajua siwezi kukupitisha nao." Alijua. Akaniachia, akapanda mikono mitupu. Nikauweka kando, si kwenye sanduku.

Mchana nesi ameniambia Bibi Henya amekataa viazi, amekataa supu, amefunga mdomo.

Jumatano, 12 Aprili

Tena. Amekunywa maji tu. Daktari anataja mrija wa puani.

Na Bibi Mazal, hili ndilo lililonivuruga, naye hali chochote. Nimepanda kumuuliza. Amesema: "Nitakulaje, huyu ananitazama? Mkate wake ukiingia humu, siwezi kula mimi. Usipoingia, hali yeye. Mungu atanisamehe, Mufid, lakini mimi sikuomba njaa ya mtu ilinde sinia yangu."

"Ungekubali ale humu?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Hapana," akasema. "Humu siwezi. Nisikudanganye."

Nilishuka ngazi badala ya lifti. Kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza nikasimama, maana nilikuwa nimekumbuka maneno ya yule kijana: hakuna chumba hata kimoja. Chumba kipo. Kimeandikwa jina langu.

Nilimkuta Rabi Toledano kwenye jiko anakagua masufuria.

"Rabi, ufunguo wangu uko wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Wa ghala. Umenipangisha tangu Jumatatu. Miaka kumi na moja unanipangisha. Ufunguo sijawahi kuushika."

Alikuwa na kifuniko mkononi, akakiweka chini polepole. Uso wake ulibadilika rangi. Kumbe kwa sheria yao, mnunuzi asiyeweza kuingia anapotaka hajanunua kitu. Biashara inakuwa mchezo. Miaka yote alifunga, akatia ufunguo mfukoni kwa mazoea, na mimi sikuwahi kuuliza kwa sababu sikutaka bia za madaktari.

"Ole wangu," akasema. Na ni kweli aliona haya. Akautoa kwenye mnyororo wake, kucha zikihangaika. "Chukua. Sasa hivi. Ni wako, uingie saa yoyote."

"Na nikimwingiza mgeni wangu?"

Hapo akaelewa. Akakaa kwenye gunia la viazi.

"Mufid ndugu yangu. Yeye ni Myahudi. Kula kwake chachu leo kunaniuma hapa," akajigusa kifua. "Siwezi kukuambia fanya."

"Sijakuomba uniambie."

"Njaa yake nayo inaniuma hapohapo. Chumba si changu. Mtu aliyepangisha chumba haulizi nani anakaa ndani. Mlango wa vifaa haupiti jikoni, wala hapana sinia yangu njiani." Akainuka, akarudi kwenye masufuria yake, akanipa mgongo makusudi.

Alhamisi, 13 Aprili

Saa sita mchana, muda wangu wa mapumziko. Nesi amemshusha Bibi Henya kwa kiti cha magurudumu, lifti ya nyuma. Mzee Gedalya ameingia kwa mlango wa vifaa na mfuko wake. Nimewafungulia kwa ufunguo wangu. Ghala lina baridi na harufu ya unga, taa moja, rafu mpaka darini. Juu ya rafu ya chini iko chupa yake ya chachu. Imefura, imejaa mapovu. Bibi Henya aliiona, akanyoosha kidole kizima cha upande usio na ganzi.

"Imeiva," akasema.

Mzee akaloweka mkate kwenye maziwa. Bibi Henya alikula vipande saba. Nilivihesabu bila kukusudia. Baada ya hapo Mzee Gedalya aliegemea katoni za tambi na kulia, na mimi nikatoka nje nisimame mlangoni, kwa sababu ni kazi ninayoijua.

Tulimnawisha mikono na mdomo, tukakung'uta blanketi yake nje mara mbili, kama alivyoagiza Bibi Mazal. Tulipomrudisha juu, Bibi Mazal aliuliza neno moja: "Amekula?" Nesi akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Nileteeni sinia yangu."

Ijumaa, 14 Aprili

Vipande sita.

Jumamosi, 15 Aprili

Sita. Pia mama mmoja wa Kiislamu aliyejifungua, dada yake amemletea mikate ya zaatari, iliyopakwa mafuta na majani makavu yenye harufu. Nikamwelekeza kwenye chumba changu. Wakakaa wote humo, kama harusi ndogo.

Jumapili, 16 Aprili

Shlomi amegundua. Ameingia, ameona Bibi Henya anatafuna, ametoka. Langoni akaniambia: "Hospitali ilimwambia jaji hakuna chumba. Unajua umenifanya nini?"

"Hospitali haina, bosi. Mimi ndiye ninacho."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika. Lakini andika pia neno mkate, maana bila hilo barua haitaeleweka."

Alitaka kucheka, nilimwona. Hakucheka. Ana wakubwa wake naye, na nimeanza kumhurumia zaidi ya nilivyotaka.

Jumanne, 18 Aprili

Pasaka imekwisha. Rabi Toledano amekuja na sahani ya mufleta, chapati zao nyembamba za asali na siagi, tukala langoni. Nikamrudishia pasta, bia na ufunguo. Chupa ya Bibi Henya sikuirudisha. Mwenyewe kasema haitaki tena. Bibi Mazal akiruhusiwa kwenda nyumbani nimpe. "Ni yako, mpe unayetaka," Rabi akanihakikishia. Kwa sasa Samiha anailisha unga kila siku ya pili na kuisemesha kama mbuzi.

Jumanne, 25 Aprili

Ziara yetu Wadruze kwenye kaburi la Nabii Shuaib. Watu wa vijiji vyote huko Hittin, nyama, salamu, wazee wenye vilemba vyeupe. Nimemwombea Bibi Henya. Sijui kama inaruhusiwa. Sikumwuliza mtu.

Jumatano, 3 Mei

Bibi Henya amefariki leo asubuhi. Kiharusi cha pili. Bibi Mazal alimshika mkono mpaka walipokuja kumchukua. Nimefungua lango la maegesho kwa gari la maziko na kusimama wima.

Jumanne, 9 Mei

Noga amenipigia. Shauri lingeweza kufutwa sasa kwa kuwa mwenye njaa hayupo, lakini mzee ameomba liendelee na majaji wamekubali, kwa sababu Pasaka inarudi kila mwaka na wagonjwa pia. Nimeapa hati ya pili, ya habari ya chumba: kilikuwa wapi, nani aliingia, mlango upi, na kwamba hakuna sinia hata moja ya jikoni iliyochafuka.

Nimekwenda kumpa pole Mzee Gedalya. Nyumba imenyamaza. Dirishani ile nusu ya pili ya chachu imekuwa ya kijivu, ina ukungu. Hakuilisha tangu maziko. "Nilisahau," akasema. "Miaka yote aliyeikumbuka ni yeye."

Nilitaka kumwambia ya kwangu ipo hai. Nikakumbuka nimekwisha kumpa Bibi Mazal wiki iliyopita, alipotoka hospitalini. Nikamaliza chai yake, nikaaga.

Jumatatu, 22 Mei

Joto. Barua ya onyo imefika. Haina neno mkate.

Alhamisi, 8 Juni

Hukumu imetoka. Noga amenisomea kwa simu, mimi nimekaa kwenye jiwe la maegesho.

Wawili dhidi ya mmoja. Mama wa nywele nyeupe ameandika kwamba mlinzi amepewa mamlaka ya kulinda uhai, na hawezi kuyageuza kutafutia visivyo silaha. Kuingiza mkono kwenye mfuko wa mgonjwa ni kubana haki, na haki haibanwi ila kwa sheria, na sheria hiyo haipo. Angeweza kuishia hapo. Lakini ameendelea: hata sheria ingekuwepo, njia hii isingevuka mtihani wa uwiano, kwa kuwa njia yenye maumivu madogo ipo, na si ya kufikirika, kwa sababu "mlinzi mmoja aliionyesha kwa ufunguo wa ghala". Hospitali iendelee kulinda jiko lake na vyombo vyake kikamilifu, iweke matangazo ya kuomba, itenge mahali. Isipekue, isichukue.

Nikamwomba anisomee na la aliyepinga. Jaji wa kofia ameandika kwamba wenzake wanamwona mgonjwa anayetaka mkate na hawamwoni vya kutosha yule wa kitanda cha pili; kwamba mshika dini akiogopa hospitali, nusu ya nchi imekosa hospitali; kwamba kuishi pamoja kunahitaji kila mmoja aache kitu kwa wiki moja. Nilimsikiliza kwa heshima. Nimemwona Bibi Mazal amekaa na njaa, najua jaji yule hakuwa anaandika mambo ya hewani. Ila kitu cha kuacha, naona, mtu akiache mwenyewe. Kikichukuliwa mkononi mwake langoni, kinakuwa kitu kingine. Nilikichukua mimi, ndiyo maana najua.

Jumapili, 11 Juni

Shlomi amenirudisha lango kuu na kiti changu. Tangazo jipya limebandikwa: "Tunaomba". Nimelisoma mara mbili.

Saa nne akafika Bibi Mazal kwa ajili ya nyonga yake, binti yake akisukuma kiti. Nyuma yao, kwa miguu, Mzee Gedalya, kaitwa na bibi huyo bila kuambiwa sababu. Bibi Mazal alikuwa na mfuko mapajani, akanisogezea.

"Fungua."

"Siruhusiwi, bibi. Mahakama imekataza."

"Basi nitafungua mwenyewe, kwa hiari yangu, na uandike hivyo."

Mlikuwa na mkate wa rai, wa moto bado, na kando yake chupa ndogo ya kioo yenye mapovu hadi shingoni. Mkate alimkatia Mzee Gedalya kipande kwa mkono, akala kipande cha pili yeye mwenyewe, kutoka mkate uleule. Kisha akampa ile chupa.

"Ya Henya," akasema. "Mufid aliniambia ya kwako imekufa. Hii ilisalimika kwa sababu mliiuza. Kila siku ya pili, Gedalya. Usisahau tena."

Mzee akaishika kwa mikono miwili. Mimi nimeandika kwenye kitabu cha zamu, kwa mwandiko wangu mzuri: saa nne na dakika kumi, mkate mmoja umepita.